Gramu ngapi, glosi au mati? Maswali ya karatasi za flaya, brosha na vijitabu

Niko kwenye kazi za uchapaji hapa Dar, duka letu liko Kariakoo na kila siku kabla hata mteja hajafungua faili lake tunaanza na mjadala uleule, "nipe karatasi nzuri, nzito, inayong'aa". Sasa nzuri kwa kazi gani? Nimekusanya hapa yale tunayoulizwa sana na ninavyoyajibu mtu akiwa amekaa kwenye benchi pale dukani, na katikati nimeweka kazi moja ya chuo niliyoifanya toka mwanzo hadi mwisho maana ndani yake kuna karibu makosa yote ambayo watu hufanya.

Hizo gramu ni gramu za nini, za karatasi moja?

Hapana, na hapa ndo wengi wanachanganya. Ni uzito wa karatasi yenye eneo la mita moja ya mraba, haijalishi wewe utaikata iwe ndogo kiasi gani. Karatasi ya gramu 130, ukipata kipande cha mita moja kwa mita moja ukakiweka kwenye mzani, mzani utasoma gramu 130. Saizi ya A0 imepangwa iwe na eneo la mita moja ya mraba, na ndani ya A0 zinatoka A4 16, kwa hiyo ukitaka kujua uzito wa A4 moja unagawa kwa 16. Ile A4 ya kawaida ya stesheneri ya gramu 80 ina gramu 5 tu. A5 unagawa kwa 32.

Hii hesabu ishike, tutaitumia huko mbele kwenye kutuma mzigo kwa basi na kwenye kukagua kama umepewa ulicholipia.

Kwa hiyo gramu zikizidi ndo karatasi inakuwa nene zaidi?

Kwa karatasi za aina moja ndiyo. Ukilinganisha aina mbili tofauti hapana, na watu wengi hawaamini mpaka uwawekee mkononi. Karatasi ya glosi ya gramu 130 na bondi, ile karatasi ya kawaida ya stesheneri, ya gramu 80 zinakaribiana sana unene, zote zinacheza kwenye sehemu moja ya kumi ya milimita. Sababu yake ni namna zinavyotengenezwa, glosi inapitishwa katikati ya roli zinazoibana kwa nguvu mpaka inalala na kung'aa, yaani uzito upo ila umeshindiliwa, wakati bondi imeachwa na hewa ndani yake. Mati inakaa katikati, haijabanwa kama glosi, ndo maana mati ya gramu 150 utaisikia nene na ngumu kidogo kuliko glosi ya gramu hizohizo 150.

Faida yake kwa mteja iko wazi. Kama unachotaka ni ile hisia ya "kitu kina mwili" mkononi, si lazima upande gramu, unaweza ukahama tu kutoka glosi kwenda mati ukabaki kwenye gramu zilezile. Na kwa kuwa karatasi inauzwa kwa uzito, ukitoka gramu 130 kwenda 170 umeongeza karibu theluthi moja kwenye hela ya karatasi, na kwenye oda ya maelfu hiyo si hela ndogo.

Glosi na mati zinatofautiana nini hasa, si ni kung'aa tu?

Zote mbili zimepakwa, tena kwa vitu vinavyofanana, udongo mweupe wa kaolini na unga wa chokaa pamoja na gundi yake, ule mpako ndo unaoziba vitundu vya karatasi ili wino ukae juu usizame. Tofauti ni kwamba glosi imesuguliwa ikawa kama kioo, mwanga ukigonga unarudi wote upande mmoja, na mati imeachwa na vijivimbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho kwa hiyo mwanga unatawanyika.

Kutoka hapo mengine yote yanafuata. Kwenye glosi weusi unakuwa mweusi kabisa, nyekundu inawaka, picha ya chakula au gari au nyumba inavutia. Lakini mwanga ukirudi upande mmoja ndo ukurasa unapiga kimulimuli, kama kuna maandishi mengi msomaji anaanza kuzungusha karatasi kutafuta pembe ya kusomea, na siku hizi kuna jambo jingine, mtu akipewa brosha anaipiga picha kwa simu amtumie ndugu yake kwa WhatsApp, taa ya ofisini inaangukia palepale kwenye namba ya simu na namba haisomeki. Mati haina shida hiyo. Inasomeka vizuri kwenye mwanga wowote, ila rangi zinapoa kidogo na picha yenye giza inakuwa na giza zaidi.

Bondi yenyewe haijapakwa kabisa, wino unazama na kutanuka ndani ya nyuzi, ndo maana picha ileile iliyotoka kali kwenye glosi inatoka imefifia na vivuli vimeziba. Kama lazima uweke picha kwenye bondi mwambie dizaina azifungue mwanga kidogo kabla ya kutuma faili.

Ipo pia ya katikati wanaiita silki, haing'ai kama glosi na haijapoa kama mati. Ukiipata kwa muuzaji wako ni chaguo zuri sana kwa brosha, shida yake haipatikani kila wiki, leo ipo mwezi ujao hamna, na kama kazi yako inarudiwa mara kwa mara ukianza na silki utahangaika.

Nikisema "mati" fundi ananielewa? Mara ya mwisho niliagiza mati nikaletewa kitu tofauti.

Hapa pana mkanganyiko mkubwa kuliko yote, kwa sababu "mati" ni jina la vitu viwili. Kuna karatasi ya mati, na kuna laminesheni ya mati, ile plastiki nyembamba inayobandikwa juu ya karatasi baada ya kuprinti. Ukipapasa ile kava laini laini kama ganda la tunda, ambayo haichaniki upesi na ukidondoshea maji unafuta, hiyo ni laminesheni. Karatasi ya mati peke yake haina ulaini huo na maji yanaiharibu.

Na kitu cha kushika, laminesheni ikishawekwa, plastiki ndo inaamua mwonekano, karatasi ya chini haionekani tena sura yake. Karatasi ya glosi ukiibandika laminesheni ya mati inakuwa mati. Karatasi ya mati ukiibandika laminesheni ya glosi inang'aa. Kwa hiyo usilipe zaidi kutafuta karatasi ya mati kwa ajili ya kava ambayo itapigwa laminesheni, chukua glosi iliyopo, mwonekano utatoka kwenye plastiki. Unapoagiza sema sentensi mbili kamili, karatasi ni ipi na juu yake kunawekwa nini, usiseme "nataka mati" ukaondoka.

Flaya 5,000 za kugawa stendi na barabarani, nichukue gani?

Glosi gramu 130, A5, funga mjadala. Ina ugumu wa kutosha kusimama mkononi bila kulegea, inakunjwa mara mbili ikaingia mfukoni bila kupasuka, na picha inatoka vizuri. Gramu 115 pia inafaa kama bajeti imebana. Chini ya hapo glosi inakuwa nyembamba kwelikweli (kumbuka ile habari ya kubanwa na roli), ya upande wa nyuma inaanza kuonekana upande wa mbele, hasa ukiwa na rangi nzito upande mmoja na maandishi upande wa pili.

Watu wanaokuja wakitaka flaya za gramu 250 za kugawa barabarani huwa nawauliza, yule anayepokea ataiweka wapi? Haikunjiki, mfuko wa shati haiingii, anaishika hatua kumi kisha anaiacha kwenye siti ya daladala. Gramu 250 na 300 ziache kwa vitu vinavyokaa mezani au ukutani, menyu, mwaliko, kadi ya bei.

Kama flaya ni maandishi matupu, tangazo la mkutano au ratiba ya ibada ambayo watu wataandika juu yake, bondi ya gramu 80 inakutosha, usijitese na glosi.

Brosha ya kukunja mara tatu inapasuka kwenye mkunjo, rangi inatoka mstari mweupe. Tatizo ni wino?

Si wino. Kinachopasuka ni ule mpako wa juu, na wino kwa kuwa umekaa juu yake unaondoka nao. Kuna mambo matatu yanayosababisha na mara nyingi yanakuja pamoja.

La kwanza ni gramu. Hadi 150 karatasi nyingi zinakunjika vizuri. Kuanzia 170 kupanda inabidi ipigwe krizi kwanza, yaani mashine inabonyeza mfereji mwembamba pale pa kukunja halafu ndo inakunjwa, ukiikunja kavukavu kwa mkono itapasuka tu. Mteja akiniomba brosha ya gramu 200 namwambia sawa ila krizi ni lazima na inaingia kwenye bei.

La pili ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi inapotengenezwa kiwandani nyuzi zake zinalala kufuata mwendo wa mashine, kwa hiyo kila karatasi ina upande inaokubali kukunjwa na upande inaokataa. Chukua kipande ukikunje taratibu bila kubonyeza, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, utasikia upande mmoja unalegea na mwingine unakusukuma mkono. Mkunjo unatakiwa ulale sambamba na nyuzi. Fundi akipanga kazi kwenye shiti kubwa kwa kuangalia tu zinaingia ngapi, anaweza akaokoa karatasi chache akaharibu brosha zote.

La tatu ni dizaini, na hili liko mikononi mwako. Rangi nzito ikipita juu ya mkunjo, bluu ya giza au nyeusi, hata ufa mdogo kabisa unaonekana kama chaki. Ukiacha rangi nyepesi au nyeupe pale mkunjo unapopita, ufa uleule hakuna atakayeuona.

Na ukiwa hapohapo kwenye dizaini, ile kurasa inayoingia ndani ifanye nyembamba kidogo. A4 ina urefu wa milimita 297, sisi tunagawa 100, 100 na 97, ukigawa 99 kila moja ile ya ndani inagonga kwenye mkunjo na brosha inavimba haifungi.

Brosha zangu za mati zenye rangi nyeusi zimechubuka na kuchafuana ndani ya boksi hata kabla sijazigawa, imekuwaje?

Pole, hii inauma kwa sababu kazi inatoka mashineni ikiwa nzuri kabisa. Vile vijivimbe vidogo vya mati nilivyovitaja vinafanya kazi kama msasa laini. Brosha zikipangwa kwenye boksi, boksi likapanda pikipiki au basi, zinasuguana na wino wa juu unahamia kwenye ya jirani. Mati pia wino wake wa ofseti, yaani zile mashine za kuchapa kwa sahani kwa kazi za nakala nyingi, unachelewa kukauka kuliko glosi, na kwenye unyevu wa pwani, kipindi cha masika hasa, unachelewa zaidi. Ukimsukuma fundi akate na kufunga siku hiyohiyo umejitafutia.

Kuna dawa tatu. Ama ubadilishe dizaini upunguze yale maeneo makubwa ya giza, ama umwambie fundi apitishe vanishi mashineni juu ya wino, ama uende laminesheni. Na alama za vidole vilevile, mati nyeusi bila kitu juu ikishikwa na mkono wenye jasho mara tatu inakuwa na madoa ya mafuta. Kwa rangi nyepesi nyepesi, nyeupe nyingi, mati haina usumbufu wowote na ndo pale inapopendeza kuliko zote.

Nataka watu wajaze fomu humohumo kwenye brosha, glosi inakubali kalamu?

Haikubali, tafadhali usifanye hivi. Kalamu ya biki inateleza, inaandika inakatika, na ile ya wino wa maji haikauki. Mhuri ndo mbaya zaidi, kwa sababu wino wa mhuri unategemea kuzama kwenye karatasi, kwenye glosi unabaki juu, saa nzima baadaye mtu akipitisha kidole unakuwa doa la bluu. Mati iliyopakwa inakubali biki, mhuri bado unasumbua. Kitu cha kujaza, kusaini na kugonga mhuri mahali pake ni bondi, basi.

Kijitabu chetu cha A5 kava tuweke gramu ngapi na ndani ngapi?

Hapa niwape ile kazi ya chuo niliyosema, kwa sababu jibu la swali hili halikai kwenye namba moja.

Chuo kimoja cha ufundi cha mkoani walitaka vijitabu 500 vya maelekezo ya kujiunga, A5, peji 24 pamoja na kava, vya kushona pini katikati. Mkuu wa chuo aliona prospekta ya chuo kingine ikampendeza akaagiza kava gramu 300 glosi, ndani gramu 170 glosi, na fomu ya kujiunga iwe peji ya 21 na 22 ili mwanafunzi aichane airudishe ikiwa na mhuri wa serikali ya mtaa na wa zahanati.

Nilikaa na yule mhasibu aliyetumwa nikamtengenezea kimoja kwa mkono kwa karatasi tupu zisizoprintiwa, tena hii mtu yeyote adai, ni dakika tano na inamaliza ubishi. Kijitabu cha A5 ni shiti za A4 zilizokunjwa katikati, kila shiti inatoa peji 4, kwa hiyo peji 24 ni shiti 6, moja ni kava na tano ni za ndani. Kwa gramu 170 zile shiti tano zilikataa kulala, kijitabu kikawa kinafumbua mdomo mezani, ukikibana ukikiachia kinafunguka. Kava ya 300 ilipokunjwa bila krizi ikapasuka mgongoni. Na shiti za katikati zikasukumwa nje, tulipokata ukingo uwe sawa maandishi ya peji za kati yakakaribia ukingoni. Kijitabu kinene cha pini kina tabia hiyo, karatasi ikiwa nzito inazidi.

Halafu tukaja kwenye fomu. Peji ya 21 na 22 ziko kwenye shiti moja na peji ya 3 na ya 4, upande wa pili wa pini. Mwanafunzi akichana fomu, peji ya 3 na 4, ambazo ndo zilikuwa na ada na tarehe za kuripoti, zinabaki hazina kinachozishika zinaanguka. Yule mhasibu aliichana mwenyewe palepale akaona. Na juu ya hilo ni glosi, mihuri miwili ingefutika njiani.

Tulivyomaliza ikawa hivi: kava gramu 200 glosi yenye krizi na laminesheni ya mati upande wa nje, ndani gramu 115 mati kwa sababu ni maandishi mengi na picha chache za karakana, na fomu ikatoka kabisa kwenye kijitabu ikawa A4 ya bondi gramu 80 iliyokunjwa na kuchomekwa ndani. Zile peji mbili zilizobaki wazi wakaweka orodha ya vifaa vya kuja navyo, ambayo awali ilikuwa imebanwa kwa herufi ndogo sana.

Sasa uzito, maana mzigo ulikuwa unasafiri kwa basi. Ile ya kwanza: kava 300 gawa kwa 16 ni gramu 18.75, ndani 170 gawa kwa 16 mara tano ni gramu 53, jumla karibu gramu 72 kwa kijitabu, vijitabu 500 ni kilo 36. Ya pili: kava gramu 12.5, ndani karibu 36, fomu 5, jumla kama gramu 53.5, vijitabu 500 havifiki kilo 27, ukiacha ile plastiki ya laminesheni ambayo ni nyepesi. Kilo 9 za karatasi zimeondoka na kijitabu kikawa kinafunga vizuri kuliko kile cha kwanza.

Kwa hiyo nikijibu kwa kifupi, kijitabu cha pini cha peji 16 mpaka 32 kaa kwenye kava 200 au 250 na ndani 100 mpaka 130. Peji chache sana, 8 kwa mfano, unaweza kupanda ndani mpaka 150 ili kisionekane dhaifu. Zikizidi 48 au 60 shuka, ndani iwe 80 au 90, au uhame kwenye kubandika gundi mgongoni, na ukihama basi mati na bondi zinashika gundi vizuri kuliko glosi nzito. Na idadi ya peji igawanyike kwa 4, ukileta peji 22 kuna mbili zitatoka tupu.

Tunataka nakala 50 tu, tunaprinti kwa dijitali. Mambo ni yaleyale?

Si yote. Mashine ya dijitali ya kutumia unga haitumii wino wa kuzama, inayeyusha unga kwa moto ukaganda juu ya karatasi kama ngozi nyembamba, na ile ngozi ina mng'ao wake yenyewe. Kwa hiyo ukiprinti kwenye karatasi ya mati, pale penye rangi panang'aa kidogo na pale peupe hapang'ai, wateja wanalalamika "mbona si mati". Kama unataka mati ya kweli kwenye kazi ya dijitali weka laminesheni. Ile ngozi pia inapasuka kwenye mkunjo mapema kuliko wino wa ofseti, mimi kwa dijitali naanza kupiga krizi hata kwenye gramu 150 kama kuna rangi nzito mgongoni.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kutoa nakala moja moja kwenye karatasi tatu tofauti ukalinganisha kabla ya kuamua. Ila kama kazi yenyewe itaenda ofseti usiichukulie ile nakala kama ahadi ya rangi, ichukulie kama ahadi ya karatasi tu.

Kava zangu zimejikunja kama bati baada ya siku mbili, niko Zanzibar.

Laminesheni imewekwa upande mmoja. Karatasi inanyonya unyevu wa hewa inatanuka, plastiki haitanuki, basi inavutwa inapinda kuelekea upande wa plastiki. Karatasi nyembamba inapinda zaidi, kwa hiyo kava ya laminesheni isishuke chini ya gramu 200, na 250 ni salama zaidi kwa watu wa pwani na visiwani. Karatasi zikae kwenye kifungashio chake mpaka siku ya kazi, na kava zikishabandikwa zipangwe zikiwa zimelaliwa na kitu kizito mpaka siku ya kushona. Zikishajikunja sana hazirudi sawasawa.

Nitajuaje kama nimepewa gramu nilizolipia?

Kwa macho huwezi, hata mimi nimekosea, na kwa kupapasa ndo kabisa kwa sababu glosi inadanganya mkono. Tumia mzani wa jikoni wa dijitali. Chukua A4 16, zote pamoja ni kama mita moja ya mraba, ziweke kwenye mzani, namba inayotokea ndo gramu za karatasi. Flaya za A5 chukua 32, brosha ya A4 iliyokunjwa 16. Flaya ulizoagiza za gramu 130 zikisoma 128 au 132 hakuna tatizo, karatasi hutofautiana kidogo hata kutoka kiwandani na unyevu unaongeza kidogo, tena 128 kuna viwanda vinaitengeneza hivyohivyo na inauzwa kama 130. Zikisoma 115 hiyo ni karatasi nyingine, rudi ukazungumze na aliyekuprintia ukiwa na mzani wako mkononi. Kijitabu chenye kava tofauti fungua pini, pima za ndani peke yake. Na mara nyingine kabla ya kulipa advansi omba kipande cha karatasi yenyewe itakayotumika, kiandikwe gramu na jina la aina yake, wewe baki nacho mpaka siku ya kuchukua mzigo.